Kamusi binafsi haijui ngeli

"Nimeongeza neno kwenye kamusi, mbona Word bado inanipigia mstari mwekundu?" Kutoka Nakuru hadi Bungoma, swali ni hilo hilo, na dhana iliyo nyuma yake ndiyo inayochosha zaidi: eti ukiongeza neno moja, kompyuta imejifunza na ndugu zake.

Haijajifunza chochote. Tuseme katibu wa chama anaandika kumbukumbu za mkutano. "Mkulima" limepigiwa mstari, anabofya kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua Add to Dictionary, mstari unatoweka. Sentensi inayofuata ina "wakulima": nyekundu. Kisha "walilima", "hatukulima", "watakaolima": zote nyekundu. Kamusi haijaharibika. Ni orodha tu, neno moja kila mstari, na Word hulinganisha umbo lililoandikwa na umbo lililo kwenye orodha. Haijui kwamba m- hugeuka wa-. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kina maumbo mengi mno, na kuyaongeza moja moja ni kuchota maji kwa pakacha.

Dawa ni kubadilisha lugha ya maandishi. Chagua aya zilizo kwa Kiswahili, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Tazama alama ndogo ya ABC yenye tiki kando ya jina la lugha. Isipokuwepo, kikagua tahajia cha lugha hiyo hakijawekwa: mistari itaondoka kweli, lakini hata makosa halisi hayataonyeshwa, kwa hiyo soma kwa macho yako.

Kamusi binafsi iachie majina. Nekesa ni Nekesa, hana wingi wala wakati uliopita. Ongeza Wafula, Akinyi, Mumias, Ahero. Jina kamili liongeze neno kwa neno, kwa sababu "Wafula Barasa" likiwa pamoja kwenye mstari mmoja wa orodha halitasaidia.

Wengine hudhani Ignore All ni sawa na kuongeza. Sivyo. Hiyo hunyamazisha neno katika waraka huo tu.

Wala kamusi haisafiri na waraka. Ukibeba faili kwenye flashi hadi saiba ya Kisumu, majina yatakuwa mekundu tena, maana orodha imebaki kwenye kompyuta yako, ndani ya folda hii:

```
%AppData%\Microsoft\UProof
```

Na tafadhali, mistari hiyo haichapishwi kwenye karatasi. Acheni kuahirisha kuchapisha kwa sababu yake.

Linaloumiza kweli ni kosa lililoongezwa kwa haraka. Ukiongeza "Nakru", halitapigiwa mstari tena katika waraka wowote kwenye kompyuta hiyo. Nenda File, Options, Proofing, Custom Dictionaries, chagua kamusi yako, bofya Edit Word List, tafuta neno hilo, kisha Delete. Pitia orodha hiyo nzima ukiwa hapo. Mara nyingi "Nakru" haiko peke yake.