Meseji ya kitapeli isiyo na kosa hata moja

Kwa miaka mingi sisi wa usalama wa mitandao tuliwaambia watu kwamba meseji yenye makosa ya tahajia ni ya tapeli. Ushauri huo umechakaa. "Ile hela tuma kwenye namba hii" bado inazunguka Tanzania, lakini sasa tapeli anaweza kuagiza programu ya akili mnemba imwandikie tangazo la benki, nayo ikamtolea Kiswahili kilichopigwa pasi.

Meseji za aina hii naletewa mara kwa mara:

"Mteja wetu mpendwa, tunatumaini ujumbe huu umekukuta ukiwa na afya njema. Tumebaini muamala usio wa kawaida katika akaunti yako. Tafadhali thibitisha taarifa zako ndani ya dakika 30 ili kuepuka kufungiwa akaunti."

Benki gani inakujulia hali kabla ya kukupa habari mbaya? Meseji halisi ya muamala ni kavu: kiasi, tarehe, kumbukumbu namba, basi. Hii hapa ina adabu tele, ila haina kiasi wala tarehe, na huo muamala wenyewe hautajwi. Tapeli hana hizo taarifa. Ana orodha ya namba za simu tu, ndiyo maana wote mnaitwa "mteja mpendwa".

Zile dakika 30 nazo zina sababu, mbali na kukutia kiwewe. Ukibonyeza kiungo unafika kwenye ukurasa uliofanana na wa benki yako. Unapoandika namba ya siri, tapeli anaipokea na kuiingiza papo hapo kwenye tovuti halisi. Benki inakutumia namba ya uthibitisho, ambayo huisha muda ndani ya dakika chache, na ule ukurasa bandia unakuomba uiandike. Ukichelewa, mchezo umemharibikia. Zaidi ya hapo, kurasa hizo zikiripotiwa hufungwa, kwa hiyo hawezi kukusubiri hadi kesho.

Lugha nzuri peke yake si ushahidi, maana hata kampuni halali zinatumia programu hizohizo. Na tapeli aliyepata orodha yenye majina atakuita kwa jina lako kamili. Hapo mimi huangalia kiungo. Soma kilicho kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya `https://`. Katika `https://benkiyako.co.tz.uhakiki.example/ingia`, mwenye tovuti ni `uhakiki.example`. Hilo `benkiyako.co.tz` la mwanzoni ni pambo, yeyote anaweza kulibandika.

Ukibaki na shaka, usijibu wala usipige namba iliyo ndani ya meseji. Piga iliyochapwa nyuma ya kadi yako, uulize kama akaunti ina tatizo. Kwa walio Tanzania, namba ya tapeli inaripotiwa kwa meseji kwenda 15040.