Mshono wa kuficha, mshono wa kurudi: upi kwa kazi gani?

Buibui likivaliwa kupanda na kushuka ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, pindo hukanyagwa na kisigino likafumuka. Wengi hulipiga bandi upesi kabla ya Idi, kisha nyuzi zikaonekana kwa mbele mzunguko mzima. Bandi ni ya kushikiza kwa muda tu. Pindo linataka mshono wa kuficha.

Lipige pindo pasi kwanza. Kisha ukunje ukingo wake nyuma kama nusu sentimita, ili sindano ipite kati ya pindo na nguo. Chota kidogo kwenye pindo, halafu chota nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha nje, sogea sentimita moja, urudie. Uzi uache ulegee. Ukimaliza, geuza nguo uitazame kwenye mwanga: ukiona vishimo, umevuta uzi mno, ukiona vitone, umechota nyuzi nyingi. Mimi hupiga fundo dogo ndani ya pindo kila baada ya shibiri moja. Kidole cha mguu kikinasa na uzi ukakatika, hufumuka shibiri ile tu.

Mshono huo usiupeleke kwenye kwapa la kanzu. Pale panavutwa kila mtu anaposujudu au kuinua mikono, na uzi uliolegea utaachia. Hapo shona kwa kurudi nyuma: sindano inatokeza hatua moja mbele, inarudi kuchoma pale mshono uliopita ulipoishia, inapita chini ya kitambaa hatua mbili, inatokeza tena. Kwa mbele utadhani ni charahani. Kwa ndani nyuzi zimelaliana, na ndiyo maana mshono huu una nguvu. Anza na umalizie sentimita mbili ndani ya sehemu iliyo nzima, si pale palipochanika.

Bitana ya koti nayo ni ukingo uliokunjwa unaolalia kitambaa tambarare. Ishone kwa kutelezesha: sindano husafiri ndani ya mkunjo, ikatoka na kuchota uzi mmoja au mbili za kitambaa cha chini, ikarudi mkunjoni.

Kingo zilizokunjwa zikiwa mbili na zinakabiliana, kama mdomo wa mto ulioshindiliwa sufi, ndipo mahali pa mshono wa ngazi. Chota milimita tatu ndani ya mkunjo wa huku, vuka moja kwa moja, uchote milimita tatu za mkunjo wa kule. Nyuzi zitakaa kama vipawa vya ngazi. Baada ya mishono mitano vuta polepole, mdomo utafumba na uzi utazama. Ukivuka kwa mshazari badala ya kukabili pale ulipotokea, upande mmoja utauacha mwingine nyuma, na mwisho wa mdomo utabakiwa na kipande cha kitambaa kisicho na mwenzake. Hapo fumua mpaka mshono ulipoanza kwenda upande. Ukikivuta kwa nguvu kitakunjamana, na sufi itapenya kwenye mikunjo.