Mlevi aliyechanganyikiwa: msisubiri "pombe iishe"

"Kaka yangu anakunywa gongo kila siku. Tangu jana anaongea visivyoeleweka na anayumba, ingawa hajanywa tena. Si pombe tu hiyo? Tumwache alale?"

Hapana. Mpelekeni hospitali leo, si kesho asubuhi. Ulevi hupungua saa hadi saa mtu akiacha kunywa. Aliyelewa jana, asionje kitu tangu hapo, na leo mchana bado hajui yuko wapi, huyo hatupaswi kusema amelewa tu. Huenda ubongo wake umekosa thiamini, yaani vitamini B1. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Wernicke, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1881. Huenda pia sukari imeshuka, au aliumia kichwa alipoanguka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa usingizi.

"Pombe inaingiliaje miguu na macho?"

Seli za ubongo haziwezi kugeuza sukari kuwa nguvu bila thiamini. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya kama miligramu 30 tu, na huhitaji zaidi ya miligramu moja kila siku.

Chukulia mwanaume anayeanza na gongo asubuhi. Hamu ya chakula imekwisha, na kidogo anachokula anakitapika. Hata hicho kinachobaki tumboni, pombe inazuia utumbo kufyonza thiamini yake, na ini lililochoka haliweki akiba. Baada ya wiki mbili au tatu ghala ni tupu. Zinazoumia mapema ni sehemu za ubongo zinazotumia nguvu nyingi: zile zinazoendesha macho, mizani ya mwili na kumbukumbu. Ndiyo maana miguu yake inayumba hata kama haina kidonda wala jeraha.

"Nitaonaje dalili za macho?"

Mwambie atulize kichwa, afuate kidole chako kwa macho, kushoto na kulia. Macho yakitetemeka au kurukaruka, au jicho moja likishindwa kufika pembeni, hiyo ni dalili. Wengine husema wanaona vitu viwili viwili. Kisha mtazame akitembea huku umemshika: miguu ameitanua, hatua fupi, anatafuta ukuta.

Lakini msingoje dalili zote tatu, yaani kuchanganyikiwa, macho na kuyumba, zikamilike. Wagonjwa wengi hawazipati zote kwa pamoja. Mwingine huchanganyikiwa tu. Kwa mtu anayekunywa sana na hali chakula, dalili moja inatosha kutafuta usafiri.

"Tumpe soda au glukozi apate nguvu kwanza?"

Hilo "kwanza" ndilo linalotuchelewesha. Sukari nyingi bila thiamini humaliza ile kidogo iliyobaki na inaweza kuzidisha tatizo, kwa hiyo hospitalini thiamini hutolewa kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Sukari ikipimwa na kukutwa imeshuka, hutolewa papo hapo bila kungoja, na thiamini hufuata mara moja. Aliyesinzia msimnyweshe chochote, atapaliwa.

"Vidonge vya B kompleksi vya duka la dawa havitoshi?"

Havitoshi, na tafadhali msivijaribu kwa siku mbili "kuona kama itasaidia". Utumbo wa mnywaji hufyonza miligramu chache tu kutoka kwenye kidonge. Hospitalini dozi inayotumika sana ni miligramu 500 kwenye mshipa, polepole kwa muda wa nusu saa, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Kisha miligramu 250 kila siku maadamu anaendelea kupata nafuu. Vidonge huja baadaye. Magnesiamu ikiwa chini, thiamini haifanyi kazi vizuri, nayo huongezwa.

Wala msimfungie ndani ili aache pombe ghafla. Mnywaji wa kila siku akikatishwa hivyo anaweza kupata degedege.

"Akitibiwa atarudi kama zamani?"

Inategemea mmemleta lini. Macho huanza kutulia ndani ya saa au siku chache. Akili hufuata kwa siku hadi wiki. Kuyumba huchukua muda zaidi, na wengine hubaki wakitembea kwa miguu iliyotanuka. Aliyecheleweshwa hubaki na ugonjwa wa Korsakoff: anakumbuka harusi yake ya zamani, lakini hajui kama amekula chai asubuhi, na pengo hilo analijaza kwa habari zisizokuwepo. Ndugu husema amekuwa mwongo. Si uongo, ubongo hautunzi tena mambo mapya, na mara nyingi hali hiyo haiishi kabisa.

"Tukifika mapokezi tuseme nini?"

Msiseme "amelewa", maana mtaambiwa mngoje. Semeni: "Anakunywa kila siku, hajala vizuri kwa wiki kadhaa, alitapika, mara ya mwisho alikunywa saa fulani, na tangu wakati fulani amechanganyikiwa na anayumba." Kisha ulizeni waziwazi kama atapewa thiamini kabla ya dripu ya sukari.