Nusu asilimia ya jiki si kikombe cha kahawa

Matroni wa bweni moja wilayani Chamwino alinionyesha jinsi anavyoandaa maji ya kupigia deki vyooni mwanafunzi anapoharisha. Alijaza maji ndoo ya lita 10, akachukua kikombe cha kahawa cha mililita 50, akakijaza jiki, akamimina. "Mtaalamu, si maelekezo yanataka klorini ya nusu asilimia? Lita 10 ni mililita 10,000, nusu asilimia yake ni 50. Nimepiga hesabu na mwalimu wa kemia."

Hesabu yao haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa mahali pengine: waliichukulia jiki kama klorini tupu, kumbe yenyewe tayari ni myeyusho, na sehemu kubwa ya kilichomo kwenye chupa ni maji.

Chupa yake iliandikwa 3.5% m/v. Herufi hizo maana yake ni tungamo kwa ujazo, yaani kila mililita 100 za jiki hiyo zina gramu 3.5 za kiuaji chenyewe, ambacho ni haipokloraiti ya sodiamu. Lita moja basi ina gramu 35. Kikombe chake cha mililita 50 kilikuwa na gramu 1.75 tu, zikaenda kuzama kwenye lita 10 za maji. Maelekezo ya nusu asilimia yanataka gramu 5 kwa kila lita, kwa hiyo ndoo ile ilidai gramu 50. Alichokuwa anapigia deki kilikuwa na nguvu ya asilimia 0.017 au karibu na hapo, pungufu mara 28 na zaidi.

"Lakini harufu si ipo?" akauliza. Ipo, na ndiyo inayotudanganya wengi. Pua hunusa klorini hata ikiwa kidogo mno, na haiwezi kukwambia ni kiasi gani.

Njia ya kupata kipimo sahihi haihitaji mizani. Gawanya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kwa nguvu unayoitaka: 3.5 kwa 0.5 ni 7. Hiyo 7 ni jumla ya mafungu yote, jiki ikiwemo. Toa 1, yanabaki mafungu 6 ya maji. Kwa matroni wetu ilikuwa jagi moja la lita moja la jiki na majagi sita ya maji, jumla lita 7. Hakiki mwenyewe: gramu 35 ndani ya lita 7 ni gramu 5 kwa lita. Chupa ikiandikwa asilimia 5, jibu ni 10, basi maji ni mafungu 9.

Hapo kwenye kutoa 1 ndipo wengi wanapojikwaa, na wanafunzi wa kidato cha pili hujikwaa papo hapo. Mwambie atengeneze myeyusho wa chumvi wa asilimia 5 kwa tungamo, atapima gramu 5 za chumvi na gramu 100 za maji. Sasa jumla ni 105, na nguvu yake ni asilimia 4.76. Ilipaswa maji yawe gramu 95. Asilimia huhesabiwa ndani ya myeyusho mzima, haihesabiwi juu ya maji peke yake. Na akitaka asilimia 5 ya tungamo kwa ujazo, ayeyushe gramu 5 katika maji kidogo kwanza, kisha aongeze maji mpaka yafike alama ya mililita 100.

Kuna jambo ambalo hesabu hailioni: umri wa jiki. Haipokloraiti huvunjika yenyewe, na joto na mwanga huiharakisha. Chupa iliyopangwa mbele ya duka na kupigwa na jua la Dodoma kuanzia asubuhi haiwezi kubaki na kile lebo inachosema. Tuseme imeshuka hadi asilimia 2.5. Ukiichanganya moja kwa sita kama kawaida unapata asilimia 0.36, na wala hutaona tofauti kwa macho. Kwa hiyo nunua iliyokaa kivulini, yenye tarehe ya karibuni. Mchanganyiko nao uwe wa siku hiyo hiyo. Wa jana umwage.

Tapishi na kinyesi navyo hula klorini kabla haijafikia vijidudu. Ondoa uchafu, osha kwa sabuni, suuza, ndipo umwage mchanganyiko wa jiki na kuuacha dakika 10. Usiichanganye jiki kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hapo hutoka gesi ya klorini, na chooni hakuna pa kukimbilia.

Matroni alichukua kalamu ya wino mzito, akapima lita 7 ndani ya ndoo na kuchora mstari. Kikombe cha kahawa kikarudi jikoni, baada ya kusuguliwa sana.