Boti ya faiba ikigonga jiwe, igonge na wewe kwa boliti

Ufukwe wetu wa Goma una mawe meusi ya lava, na mengine yaliingia ziwani Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka. Boti ya faiba ikigusa jiwe kama hilo kwa mwendo mdogo, mwenyewe huona mkwaruzo kwenye rangi, akapapasa kwa kidole, akaendelea na safari. Tunamwomba kwanza ashike boliti ya chuma.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Rezini huzishikanisha, lakini yenyewe hupasuka upesi, na kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaovuka: ni rezini tupu. Jiwe likipiga, ubavu wa boti hubonyea, rezini hupata nyufa ndogondogo, na ufa ukifika kati ya tabaka mbili hugeuka na kukimbia kando. Hapo tabaka zinaachana. Mara nyingi eneo lililoachana huwa pana zaidi kuelekea ndani, na nje panaonekana pazima. Ubavu ukiachana katikati ukawa vipande viwili vyenye unene sawa, uwezo wake wa kukataa kupinda hubaki robo tu.

Gonga taratibu kila baada ya sentimita 2. Pazima hulia kwa sauti kavu na wazi. Palipoachana hutoa sauti butu, kama unagonga katoni. Zungushia chaki. Kwenye mbavu za ndani sauti hubadilika pia, kwa hiyo linganisha na upande wa pili wa boti.

Boti moja tuliyoikata palipozungushiwa chaki ilifunguka kama kurasa, na uso wa ndani uling'aa, laini, bila unywele mmoja wa uzi. Fundi alikuwa ameweka tabaka ya pili juu ya rezini iliyokwisha kukauka, bila kupiga msasa. Faiba iliyojengwa vizuri ikivunjika, ukingo wake huwa kama brashi: kila uzi umechomoka kwa kusuguana na rezini, na msuguano huo hula nguvu ya pigo. Mimi hufurahi nikiiona brashi hiyo. Uzi usioshikwa vya kutosha hauna faida, lakini ukishikwa kupita kiasi hauchomoki, na faiba hukatika mkato mmoja kama kioo cha dirisha.

Kwa mafundi wetu, kinga iliyo karibu zaidi ni kuweka mkeka wa nyuzi fupi kati ya vitambaa vilivyofumwa, na kulaza tabaka inayofuata wakati ya chini bado inanata. Rezini ya vinaili esta huvutika zaidi kabla ya kupasuka kuliko poliesta ya kawaida, ingawa bei yake ni kubwa. Viwandani huchanganya chembe za mpira ndani ya epoksi, au hushona tabaka kwa uzi unaopita toka juu hadi chini. Mshono huzuia kuachana, ila sindano huharibu baadhi ya nyuzi.

Palipokwisha kuachana, kudunga gundi hakusaidii ikiwa maji na uchafu vimeshaingia. Saga eneo lote la chaki mpaka upate faiba nzima, na ukingo uteremke polepole, mara 12 ya unene: ubavu wa unene wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 72. Acha pakauke kabisa ndipo uanze kujenga upya.