Maji yanayodondoka kwenye bomba la AC siyo gesi

"AC inadondosha maji ukutani na ubaridi umepungua, si gesi inavuja hiyo? Niongeze?"

Gesi ikivuja inapotelea hewani, haidondoki kama maji, sana sana inaacha mafuta mafuta kwenye maungio. Hapa Tanga hewa ina unyevu mwingi, na lile bomba nene linalorudisha gesi kwenye mashine ya nje ni la baridi, kwa hiyo sponji yake ikichanika tu shaba inatoka jasho, na bomba linavuta joto la nje bure.

Futa bomba likauke, washa AC dakika 20 hivi uangalie. Matone yakianzia pale palipochanika, umelipata. Ukiona barafu, hiyo shida nyingine, ita fundi.

Kufunga upya, zima AC kwanza, toa sponji iliyooza, kausha bomba kabisa maana maji yakibaki ndani utarudia kazi, vika sponji mpya inayobana bomba, gundisha mpasuo na maungio yasiache upenyo, halafu zungusha tepu kutoka chini kwenda juu ili mvua isiingie, ila usiikaze sana, sponji ikibonyea inapoteza kazi. Chumba kikiwa hakipoi kabisa, sponji peke yake haiwezi kuwa sababu.