Utepe wa wino na hofu ya kupoteza nusu saa

Ukitaka kuona jinsi kanuni ya kusevu inavyozaa hofu, cheza gemu ya kutisha ya Resident Evil 2 ya mwaka 2019 mara mbili. Sisi tunaobuni gemu huwa tunaitazama kama jaribio: kituo cha polisi ni kilekile, mazombi ni walewale, ila kusevu kunabadilika. Kwenye ugumu wa Standard gemu hujisevu yenyewe sehemu fulani, na taipureta, ambazo ndizo vituo vya kusevu, unazitumia upendavyo. Kwenye Hardcore kujisevu kumeondolewa, na kila ukisevu kwenye taipureta unatumia utepe mmoja wa wino. (Maadui nao ni wagumu zaidi, kwa hiyo jaribio si safi kabisa.)

Utepe huo unakula nafasi kwenye mkoba ambao mwanzoni una nafasi 8 tu. Ukiubeba, kuna risasi au mitishamba utakayoiacha kwenye sanduku.

Sasa chukua pale unapotafuta vifaa viwili vya umeme vya kurekebisha paneli ya mahabusu. Kimoja unacho, afya imeshuka, bastola ina risasi mbili, na Mr. X, jitu linalokuwinda kituoni, anatembea ghorofa ya juu. Nyayo zake unazisikia. Kwenye Standard utakimbia tu, maana ukifa unarudi nyuma kidogo. Kwenye Hardcore huenda umebeba nusu saa ya kazi ambayo haijasevuliwa, na utasimama nyuma ya mlango ukihesabu hatua zake. Korido haijabadilika, kilichobadilika ni bei ya kukosea.

Lakini bei hiyo ina tatizo ambalo wapenzi wa gemu za zamani hawapendi kulisikia. Hofu hukua kabla ya kufa; baada ya kufa hupotea. Ukirudia nusu saa ile, unajua zombi gani amelala wapi na dirisha gani litavunjika. Kufikia mara ya tatu unafanya kazi ya kukusanya vitu, tena kwa hasira. Kwa hiyo umbali mrefu kati ya vituo vya kusevu unafaa pale tu mchezaji anapoponea chupuchupu mara nyingi na kufa mara chache. Ukiona wanaokujaribia gemu wanakimbia bila kutazama pembeni, umevuka mpaka.

Gemu kujisevu yenyewe nako kuna mitego. Alama ndogo inayozunguka kwenye kona ya skrini humwambia mchezaji kwamba mbele kuna jambo, na mshtuko wako unaharibika. Kibaya zaidi, inaweza kusevu mchezaji akiwa hana risasi na adui yuko mgongoni, akabaki anafa na kufufukia palepale. Kwangu mimi, gemu haisevu wakati adui anamfukuza mchezaji, na sevu iliyotangulia haifutwi hadi avuke chumba kingine akiwa hai.